Kabla Hujasema Tumekuuzia Kadi Mbovu

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Kijana kavuka na kivuko kutoka Nansio, kasha la kompyuta kalifunga kwenye kanga, na salamu hazijaisha vizuri: "Kaka, ile kadi mmenipiga."

Kadi yenyewe ni ya picha, RTX 3060, mpya, tulimfungulia boksi mbele yake. Siku anainunua tulimuuliza inaenda kukaa kwenye mashine gani, akajibu "ipo vizuri tu, msijali." Tulipofungua kasha tukakuta kompyuta ya ofisini iliyotumika, prosesa i5-4570, ya mwaka 2013, yenye viini vinne na nyuzi nne tu, yaani inashika kazi nne kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa pawa saplai yake haikuwa na waya wa kadi, kuna mtu alimuungia kiunganishi kinachochukua umeme kwenye waya wa diski. Plagi ya waya huo imetengenezwa kubeba wati 54 hivi. Kadi inahitaji 170, na sloti ya ubao inatoa 75 tu. Plastiki ilishaanza kugeuka kahawia. Hapo tungekuwa wakali, ila tulinyamaza, tukaweka pawa saplai yetu ya mezani, tukaanza kupima.

Gemu lake ni la vita, watu wengi uwanjani. Tuliwasha MSI Afterburner ituonyeshe namba juu ya kioo wakati anacheza. Prosesa ilikuwa asilimia 100 muda wote, kadi ikizunguka kwenye 50. Fremu zilikuwa 58 kwa sekunde, lakini adui wakijazana zinaporomoka hadi ishirini na kitu, picha inaganda, anauawa. Ndiyo hasira yote ile.

Kisha tukamfanyia kipimo ambacho hata wewe unaweza kukifanya nyumbani bila kutulipa senti. Tulishusha ukubwa wa picha kutoka 1920×1080 hadi 1280×720. Kazi ya kadi ikapungua zaidi ya nusu. Fremu? 59. Kadi ingekuwa ndiyo mzigo, fremu zingepanda sana. Zisipopanda, anayechelewesha ni prosesa, maana yeye ndiye anayepanga kila mtu yuko wapi na risasi imempata nani, ndipo aikabidhi kadi ichore. Kazi hiyo haipungui eti kwa kuwa picha ni ndogo. Ni kama lori la barafu pale mwalo wa Kirumba lenye wabebaji wawili: ukileta lori kubwa zaidi, samaki hawapandi haraka.

Angalizo: kwenye prosesa yenye nyuzi nyingi usidanganywe na namba ya jumla. Inaweza kusoma asilimia 30 huku uzi mmoja umejaa pomoni na gemu linausubiri huo huo. Ndiyo maana sisi tunatazama kadi kwanza. Ikikaa 95 na kuendelea, iko kazini. Ikikaa 50 na hujaweka kikomo cha fremu, inamsubiri mtu. (Na tafadhali hakikisha ramu ziko mbili. Ramu moja peke yake huiminya prosesa, na tumeshamrudisha mteja nyumbani kwa dawa hiyo tu.)

Kijana tulimpa njia mbili. Ya kwanza ni i7-4770 iliyotumika, inakaa kwenye ubao ule ule, viini vinne lakini nyuzi nane. Kuganda kunapungua, ila wastani wa fremu haupandi sana, na pawa saplai bado lazima ibadilishwe. Ya pili ni Ryzen 5 5600, ubao mpya, ramu mbili za GB 8 na pawa saplai ya wati 550. Alichukua ya pili baada ya kupiga simu kwao mara tatu. Gemu lile lile sasa linatoa fremu 100 na ushee, kadi iko 97. Alisema sisi ni ghali. Tukamkumbusha kwamba kama angenunua kadi ndogo kidogo tangu mwanzo, prosesa na kadi vyote vingeingia kwenye bajeti yake, na ile mashine ya ofisini asingeinunua.

Wapo wanaokosea upande wa pili pia: prosesa ya bei mbaya na kadi ya GTX 1650. Hao hawalalamiki kuganda, wanalalamika picha mbaya.

Na zile kurasa za mtandaoni zinazokupa asilimia ya "kikwazo" ukijaza majina mawili, msituletee. Hazijui unacheza gemu gani wala kioo chako ni cha hezi 60 au 144.

Kupima ni elfu ishirini, tunaikata ukinunua kifaa kwetu. Njoo na kasha, jina la gemu, na kioo chako kama unaweza kukibeba.