Ile picha ya mama nje ya mochari ilipimwa kwa kipimo gani?

Kwa Mhariri,

Jumatatu ulichapisha ukurasa wa mbele picha ya mama aliyefiwa katika ajali, amekaa chini nje ya mochari, leso imemporomoka kichwani, watu wawili wamemshika mabega asianguke. Wasomaji walipolalamika, ukajibu kwa aya moja kwamba chumba cha habari kilipima heshima ya wafiwa na maslahi ya umma, kikaona umma una haki ya kuona. Nilikaa dawati la picha miaka mingi kabla ya kustaafu, na jibu hilo nalijua. Tatizo lake ni kwamba halimwambii msomaji mlipima kitu gani.

Tuchukue kisa ambacho Wakenya hawajakisahau. Januari 15, 2019 magaidi wa Al-Shabaab walivamia hoteli ya DusitD2 pale Riverside, Nairobi, wakaua watu 21. Siku hiyohiyo, gazeti la New York Times liliweka kwenye tovuti yake picha ya watu waliouawa kwa risasi wakiwa mkahawani, miili imeinamia meza. Wakenya waliwaka mtandaoni. Baraza la Vyombo vya Habari nalo likaliandikia gazeti, likalitaka liondoe picha na kuomba radhi katika saa 24. Gazeti lilijitetea kwamba linajaribu kuwaheshimu waathirika na wakati huohuo kuonyesha ukali wa mambo yalivyo.

Hasira nyingi ziliangukia mtu asiyehusika. Mwandishi aliyetia jina kwenye habari ile alitukanwa, wengine wakataka afukuzwe nchini, ilhali picha haikuwa yake wala hakuichagua. Ilipigwa na mpigapicha wa shirika la habari la AP, nalo likaisambaza kwa wateja wake duniani kote. Hivyo ndivyo mashirika hayo yanavyofanya kazi: mpigapicha hupiga anachokiona, dawati la shirika hupitisha na kuweka maelezo, kisha kila gazeti linalolipia huduma hujichagulia la kutumia. Uamuzi wa kuiweka mbele ya msomaji ulifanywa na dawati la picha kule New York. Basi hata kwa picha yako ya Jumatatu, tusimrukie kijana aliyebeba kamera. Kupiga ni kazi yake, na picha isiyopigwa haiwezi kurudiwa. Swali ni la aliyeiteua.

Sasa, mteuzi huyo aangalie nini? Mimi ningeanza na saa. Picha ya DusitD2 ilitoka siku ileile ya shambulio, wakati mapambano ndani ya hoteli hayajaisha na familia zikipiga simu zisizopokelewa. Kwa saa kama hizo, kuficha uso hakutoshi. Mke humjua mumewe kwa shati alilompigia pasi asubuhi. Mama humjua mwanawe kwa viatu. Mhariri aliye mbali anaweza kuitazama picha hiyohiyo akaona "waathirika wasiotambulika", na kwa watu wake hakika hawatambuliki. Lakini tovuti inasomwa Nairobi kama inavyosomwa kwao. Picha hiyohiyo baada ya wiki, familia zikiwa zimeshaarifiwa, ni uamuzi mwingine kabisa, na ningeweza kubishana nao kwa utulivu.

Baada ya saa, ningeuliza picha inathibitisha nini ambacho kinabishaniwa. Kanuni za maadili zilizokuwa zikitumika wakati huo, zilizokuwa kwenye jedwali la Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013, zilisema picha za miili iliyoharibiwa na za matukio ya damu ziepukwe isipokuwa zikitumikia maslahi ya umma, na kwamba picha za majonzi na maafa zisihimizwe. Mlango uliachwa wazi makusudi. Ila wengi wetu tunausukuma kwa kusema tu "watu wanataka kujua", na hapo maslahi ya umma yanageuka kuwa hamu ya umma.

Pale DusitD2 hakuna aliyekana kwamba watu wameuawa. Serikali ilisema, walioshambulia walijisifu, dunia iliona moshi. Miili ile haikuongeza ushahidi wowote. Linganisha na Juni 25, 2024, waandamanaji walipopigwa risasi karibu na Bunge. Waliofyatua walikuwa askari wa dola, na muda si mrefu idadi ya waliokufa ikawa ya kubishaniwa kati ya serikali na mashirika ya haki za binadamu. Hapo picha ya mwili uliofunikwa bendera barabarani ina kazi ambayo maneno hayaiwezi, kwa kuwa inamzuia mwenye nguvu kusema halikutokea. Ningeichapisha. Ningeficha uso, lakini ningeichapisha, na familia ikinipigia simu ningejua la kuwajibu.

Mama yako wa Jumatatu angejibiwa nini? Kwamba ajali ilitokea? Kichwa cha habari kilishasema. Kwamba alifiwa? Nani alibisha?

Kuna waliosema mwaka 2019 kwamba yote yale ni dharau ya wageni kwa maiti za Waafrika. Kuna ukweli mwingi ndani yake. Vyombo vya Magharibi vimekuwa na mkono mwepesi zaidi kwa wafu wa mbali kuliko kwa wafu wa mtaani kwao. Lakini hoja hiyo inatupa nafuu tusiyoistahili. Wakati wa shambulio la kigaidi kwenye maduka ya Westgate, Septemba 2013, Daily Nation lilichapisha ukurasa wa kwanza picha ya mwanamke aliyejeruhiwa, akilia kwa maumivu. Wasomaji wakachukizwa, na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Picha ile iliteuliwa hapahapa Nairobi, na watu wenye jamaa katika mji uleule. Ukaribu haukuwasaidia, maana usiku wa habari kubwa dawati zima hutazama mamia ya picha, na jicho lililochoka huvutiwa na ile inayopiga kelele zaidi.

Limebaki jambo la kiufundi ambalo madawati mengi hulipuuza. Mnaweka onyo juu ya habari, "picha zinaweza kukuhuzunisha", mkaridhika. Lakini picha kuu ya habari ndiyo hujitokeza yenyewe kiungo kinapotumwa WhatsApp. Onyo linabaki ndani, mama wa watu anatangulia nje, katika kundi la familia yake. Kama ni lazima picha ya msiba itumike, iwe ndani ya habari, na nyingine iwekwe kuwa picha kuu: mlango wa mochari, mikono, umati kwa mbali. Wapigapicha wenu wanazo. Mpigapicha mzuri hurudi na za karibu na za mbali kwa sababu anajua dawati litahitaji kuchagua.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Chapisha majibu ya dawati lako kuhusu picha ya Jumatatu: iliteuliwa saa ngapi, je, jamaa wa mama yule walikuwa wameshaongea na mtu wa gazeti, na kulikuwa na picha gani nyingine mezani. Pili, iwekee alama kwenye maktaba yako ya picha isitumike tena bila idhini ya mhariri mwenyewe. Bila alama hiyo, ajali ijayo mtu wa zamu ya usiku atatafuta "majonzi", atampata mama huyu, na atamweka juu ya msiba usio wake.

Mhariri wa picha mstaafu,
Mombasa