Kwa Nini Ndugu wa Tatu Ndiye Anayefaulu

Tukuyu, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako pamoja na ngano uliyoitunga ya ndugu watatu, nami nashukuru kusikia kwamba hujambo huko Iringa. Umeniuliza kwa nini katika ngano za ndugu watatu yule wa mwisho ndiye anayefaulu, na kama huo si upendeleo wa msimulizi tu.

Itazame ngano ya Maji ya Uzima, iliyokusanywa na akina Grimm wa Ujerumani. Mfalme ni mgonjwa mahututi, na kinachoweza kumponya ni maji hayo peke yake. Mwanawe mkubwa anaondoka kwa farasi, anakutana njiani na kibeti anayemuuliza aendako, anamjibu kwa dharau, kisha anajikuta katika bonde linalozidi kuwa jembamba hata farasi hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Wa pili anaulizwa vivyo hivyo, naye anakwama vivyo hivyo. Mdogo anasimama, anaeleza kwamba baba yake anakaribia kufa, na kibeti anampa fimbo ya chuma ya kugongea lango la ngome yalimo maji hayo, pamoja na mikate miwili ya kuwatuliza simba wanaolilinda.

Kosa la kwanza humjulisha msikilizaji hatari ilipo, na la pili humthibitishia kwamba haikuwa bahati mbaya. Ninapowasimulia wadogo zako jikoni, kwa ndugu wa pili wao wenyewe hulitamka swali la kibeti kabla yangu. Kwa wa tatu hunyamaza kabisa, kwa sababu sasa wanajua jibu moja litaamua kila kitu. Wangekuwa ndugu wawili tu, tungeona tofauti ya tabia bila kuwa na mazoea ya kuvunjwa, na kosa la tatu lingewachosha wasikilizaji bila kuwaongezea lolote. Axel Olrik, mtaalamu wa ngano wa Denmaki, aliandika mwaka 1909 kwamba uzito wa simulizi za namna hii hukaa kwa yule anayetajwa mwisho.

Hata hivyo, nafasi ya tatu haitoshi peke yake. Katika ngano ya mume na mke waliopewa matakwa matatu, mmoja anatamani soseji, mwenzake kwa hasira anatamani imng'ang'anie puani, na takwa la mwisho linatumika kuiondoa. Hapo hakuna aliyebadilika kati ya takwa moja na lingine, ndiyo maana la tatu linawarudisha tu walipoanzia.

Sasa nije kwenye ngano yako. Ndugu wa pili umempa kosa jipya kabisa, nami naona hapo ndipo inapolegea. Mpe swali lile lile na kiburi kile kile, kwa maneno machache kuliko ya kaka yake, kisha simulia habari za mdogo taratibu, hatua kwa hatua.

Wadogo zako wanakusalimu sana.

Mama yako