Barua ya wazi kwa Msajili wa Kampuni: cheti halali, kampuni iliyolala

Kwa Msajili wa Kampuni, URSB, Kampala

Mheshimiwa, salaam.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Kisenyi. Mwaka jana nilitoa arubuni ya shilingi milioni 12 kwa kampuni iliyoniahidi tani 30 za mahindi. Cheti chao cha usajili kilikuwa halali kabisa. Mahindi sijayaona hadi leo, na pesa zimeniuma kwa sababu sehemu yake ilikuwa ya kukopa. Baadaye ndipo nikalipia kupekua jalada lao ofisini kwenu.

Kampuni ilisajiliwa mwaka 2016. Kwa miaka mitano haikuleta taarifa hata moja ya mwaka, ilhali sheria inataka taarifa hiyo ifike ndani ya siku 42 baada ya mkutano mkuu. Kisha taarifa zote tano zikaletwa siku moja, zinafanana neno kwa neno isipokuwa mwaka. Wiki ileile hisa zote zilihamia kwa mtu mmoja na wakurugenzi wote wawili wakabadilishwa. Nilipoziweka tarehe hizo pamoja nikaelewa: kampuni ilikuwa imelala, na mtu ameinunua kwa ajili ya umri wake. Ule mwaka 2016 kwenye cheti ndio ulionifanya niamini kwamba nashughulika na wazoefu.

Anwani yao ilikuwa ofisi ya wakili, ambako kampuni nyingi hupokea barua. Hilo pekee halina ubaya. Hata kulala si kosa: mtu anaweza kusajili kampuni akisubiri mtaji, mradi alete taarifa zake. Ila aliyelala kweli hajigambi kwamba anauza.

Hawa walijigamba kwamba wanalisha shule kila muhula. Anayeuza kiasi hicho huacha nyayo. Mauzo ya bidhaa zinazotozwa VAT yakizidi kiwango cha sheria kwa mwaka, husajiliwa kwa kodi hiyo na hutoa risiti za kielektroniki za EFRIS, ambazo namba zake mtu yeyote anaweza kuzihakiki kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, URA. Akiwa na mfanyakazi hata mmoja, anapaswa kumchangia kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Mfanyabiashara mdogo anaweza kukosa risiti hizo bila hila yoyote, kwa hiyo kuzikosa hakutoshi kumhukumu. Lakini msambazaji wa shule akishindwa kuonyesha hata risiti moja ya muhula uliopita, maneno yake na rekodi zake havikutani. Nilipaswa kuidai kabla ya kutoa arubuni.

Ombi langu ni hili. Mtu anapotafuta jina la kampuni kwenye mfumo wenu, aone bila malipo tarehe tatu: ya usajili, ya siku taarifa ya mwisho ilipopokelewa, na ya siku wakurugenzi walipobadilishwa mara ya mwisho. Tarehe hizo mnazo tayari majaladani.

Wako,
Mfanyabiashara wa nafaka, Kisenyi