Wa mama mmoja naye ni mrithi

Ndugu Mhariri,

Hapa Kondoa, Mwislamu akifa bila mke, watoto wala wazazi, vikao vya ukoo humwondoa haraka ndugu wa mama mmoja: "Huyu si wa kwetu." Hilo ni dhuluma. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu fungu lake limetajwa ndani ya Kurani, Sura ya 4, aya ya 12.

Tuseme marehemu, ambaye hata babu hana, ameacha shilingi milioni 12 baada ya mazishi na madeni kulipwa. Dada wa mama mmoja anapata sudusi, milioni 2. Kaka wa baba na mama anachukua milioni 10 zilizobaki. Anayekosa ni kaka wa baba mmoja, yule ambaye ukoo humwona wa karibu zaidi!

Kama badala ya kaka wa baba na mama yupo dada wa baba na mama, yeye ana nusu, milioni 6. Wa mama mmoja bado ana 2, na kaka wa baba mmoja sasa anapata 4.

Anayetaka kumfaa kaka wa baba mmoja anayekosa urithi aandike wasia mapema, usiozidi theluthi. Na kwenye Mahakama ya Mwanzo, orodha ya warithi imtaje wa mama mmoja kwa jina.

Msomaji,
Kondoa, Dodoma