Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Soka la Vijana: Kikomo cha vichwa kisiishie kwenye idadi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninafundisha watoto walio chini ya miaka 13, na ninakuandikia kuhusu kanuni ya mazoezi ya kupiga mpira kwa kichwa. Mwaka 2020 vyama vya soka vya England, Uskoti na Ireland ya Kaskazini viliondoa vichwa katika mazoezi ya watoto wa umri wa shule ya msingi ya huko, yaani hadi miaka 11, na kwa kundi la walio chini ya miaka 13 vikaruhusu kipindi kimoja kwa wiki, kila mtoto asipige zaidi ya vichwa 5. Ninaunga mkono kikomo hicho bila kusita. Ninachokuomba ni kwamba kanuni yako itaje pia ni mpira wa aina gani, unatoka umbali gani, na mtoto awe ameshajifunza nini kabla ya kuupiga, kwa sababu hata vichwa 5 vya mpira mzito unaotoka mbali ni vingi kwa mtoto asiyejua kukaza shingo.

Nilijifunza jambo hili kwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nikiwapigia krosi kutoka kwenye kona, mpira namba 5 uliojazwa upepo hadi ukawa mgumu kama jiwe, mipira 15 kwa kila mtoto, siku tatu kwa wiki. Yaani vichwa 45, mara tisa ya kikomo nilichokitaja. Siku moja mvulana wa miaka 12 aliufuata mpira akiwa amefumba macho na kuinua mabega, naye badala ya kuupiga, akaungoja. Ukamwangukia utosini. Hakuanguka wala hakulia, lakini zamu yake iliporudi alisimama kwenye foleni isiyo yake, na nilipomwuliza tunafanya zoezi gani, alichelewa kunijibu. Nilimtoa uwanjani, nikamkabidhi kwa wazazi wake ili apelekwe kwa daktari. Kuchanganyikiwa kwa namna ile, sawa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kuyumba, ni dalili za mtikisiko wa ubongo, na mtoto anayezionyesha harudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa.

Kosa lilianzia kwenye macho. Anayefumba macho hawezi kuchagua mahali pa kugusana na mpira, na panapofaa ni mahali pamoja tu: paji la uso, kati ya nyusi na nywele zinapoanzia, ambapo mfupa ni mnene na bapa. Utosini, nguvu ya mpira hushuka moja kwa moja kwenye uti wa shingo. Kwenye panja, mfupa ni mwembamba na kichwa huzungushwa ghafla, na mzunguko huo ndio unaoudhuru ubongo zaidi.

Kisha kuna shingo. Ikilegea, kichwa peke yake ndicho kinachopokea kishindo na kurushwa nyuma. Mchezaji akivuta kidevu kidogo kuelekea kifuani, akafunga mdomo na kukaza shingo kabla tu ya kugusa mpira, kichwa na kiwiliwili huwa kitu kimoja, na uzito wa mwili mzima hushiriki katika kuukabili mpira. Mtoto ana kichwa kikubwa ukilinganisha na shingo yake, kwa hiyo hatari hiyo kwake ni kubwa kuliko kwa mtu mzima. Hata hivyo, shingo iliyokazwa hupunguza mtikisiko tu, haiuondoi, na hapo ndipo kikomo cha idadi kinapobaki na kazi yake.

Siku hizi naanza bila kurusha mpira kabisa. Mtoto anaweka kiganja kwenye paji la uso na kusukumana nacho kwa sekunde 5 bila kichwa kusogea, kisha kisogoni, kisha pande zote mbili. Baadaye anashika mpira mwepesi kwa mikono miwili na kuugusisha pajini akiwa ameukodolea macho. Akiweza, anajirushia mwenyewe, kisha anarushiwa na mwenzake kwa mkono kutoka hatua chache, akijifunza kuuendea mpira kwa kiuno na kiwiliwili, wala si kwa kutikisa shingo. Mpira namba 4, wenye upepo wa kiwango cha chini kinachoruhusiwa, unatosha kabisa. Anayefumba macho hurudi hatua moja nyuma, na msaidizi wangu huandika kila kichwa kwenye daftari.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ninaomba kanuni ipige marufuku mipira ya kona, krosi na pasi ndefu katika mazoezi ya vichwa ya umri huu, itaje ukubwa na upepo wa mpira, na imtake kila kocha aonyeshe daftari la hesabu anapokaguliwa. Langu liko tayari kukaguliwa wakati wowote.

Wako mtiifu,
Kocha wa watoto walio chini ya miaka 13