Barua kwa Nekesa kuhusu safari ya Longonot

Mpendwa Nekesa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa watoto. Sisi huku Naivasha hatujambo, ila mvua imechelewa na vumbi limetanda kila mahali.

Uliniambia kwamba wanachama 12 wa chama chenu wanataka kupanda Mlima Longonot Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwamba utaanza kuwachangisha wiki ijayo. Tafadhali, usipokee pesa ya mtu yeyote kabla hujawasomea barua hii, hasa nitakapozungumzia ukingo.

Gari litawachukua Nairobi saa kumi na moja na nusu alfajiri, lipite barabara ya chini ya Mai Mahiu, ambako mtateremka kwa dakika chache mnywe chai. Mimi na mwenzangu tutawapokea langoni, na saa mbili kamili tutaanza kupanda, kwa maana jua la saa sita juu ya mlima halina huruma na vivuli ni vichache mno. Kutoka langoni hadi ukingoni mwa kasoko ni kilomita 3.1, na huchukua saa moja hadi moja na nusu. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2 nyingine, yaani saa tatu au zaidi, kisha tunateremka kwa njia ile ile tuliyopandia. Chakula cha mchana tutakila Naivasha yapata saa tisa, na jioni mtarudishwa Nairobi.

Bei ni shilingi 4,500 kwa kila mtu. Ndani yake mna nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio cha hifadhi kwa raia, waongozaji wawili, maji lita 2 kwa kila mmoja na chakula hicho cha mchana. Chai ya Mai Mahiu, soda na vitafunio vya njiani kila mtu atajigharamia. Maji hayo ni ya kubebwa mgongoni tangu langoni, kwa kuwa huko juu hakuna hata bomba moja.

Sasa nije kwenye ukingo. Lango liko karibu mita 2,150 juu ya usawa wa bahari, na kilele kiko mita 2,776. Watu wakisikia hivyo huogopa kupanda, lakini kwa uzoefu wangu kupanda hakumwangushi mtu mwenye afya ya kawaida, kwani akichoka atapumzika. Kinachowatesa watu ni kuteremka. Udongo wa Longonot ni majivu ya volkano na vijiwe vyepesi, na maji ya mvua yamechimba makorongo katikati ya njia, mengine yakimfika mtu kiunoni, kiasi kwamba unashuka mguu mmoja ukiwa juu ya mwingine, changarawe ikiteleza chini ya soli, na uzito wote ukiangukia magoti.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama mmoja aliyepanda vizuri kuliko vijana. Nilikuwa nimemwambia kwamba ni matembezi ya kawaida, na kosa hilo ni langu. Tulipofika ukingoni hakuwa hata akihema, kwa hiyo hatukujadiliana, tukauzunguka. Baada ya kilele, kwenye mteremko wa kwanza, goti lake la kulia lilianza kutetemeka kila alipokanyaga, na hapo ndipo mtu anapojua kwamba ukingo hauna njia ya mkato: ama unaumaliza, ama unarudi ulikotoka. Mwendo wa saa mbili tuliufanya kwa saa nne, akiniegemea begani, na tulifika langoni maji yakiwa yamekwisha.

Kwa hiyo safari hii uamuzi utafanywa pale tunapoufikia ukingo, kabla ya kuanza kuzunguka. Mwenye shaka na goti atabaki hapo na mwenzangu, aitazame misitu iliyo ndani ya kasoko na Ziwa Naivasha kwa mbali, kisha ateremke taratibu. Huyo atakuwa ametembea kilomita 6.2 badala ya 13.4, na bei haitabadilika. Anayetaka kujipima nyumbani ashuke ngazi za ghorofa tano bila kushika chuma, apande, ashuke tena. Goti likiuma hapo, ukingo haumfai.

Je, yule dada yako aliyefanyiwa upasuaji wa goti bado anataka kuja? Kuna mwenye pumu, ambaye vumbi litamsumbua? Wote wana viatu vya soli yenye meno, au nitafute fimbo za kutembelea? Na wewe mwenyewe utazunguka, au utabaki ukingoni na watakaobaki? Nijibu kabla ya Ijumaa ili nijue kama nitahitaji mwongozaji wa tatu.

Wako,
Barasa