Barua kwa mwanangu: Nani atamwambia shangazi yako?

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, mama yako yuko juu ya ngazi na mapazia. Mimi nimekaa na ujumbe wako wa jana usiku, ule ulioutuma kwenye kundi la harusi, na kusema kweli sijalala vizuri. Ukumbi wa kwanza kutuangusha siku zimebaki chache hivi ni jambo la kuudhi, lakini limeshapita, na wewe na mwenzio mmepata mwingine kwa haraka kuliko nilivyotegemea. Kwa hilo nawapongeza. Linalonisumbua ni namna tulivyowaambia watu.

Kuandika unajua, hilo sikunyimi. Ila ujumbe ule unaanza kwa salamu, ukaja na shukrani, ukaomba radhi kwa "sababu zilizo nje ya uwezo wetu", halafu ukataja "mabadiliko madogo". Saa mpya imekuja chini kabisa, karibu na maua uliyoyapanga. Mtu mwenye kazi zake husoma mstari wa kwanza, huona ni harusi, hujibu "Amina, tuko pamoja", kisha huweka simu mfukoni. Huyo moyoni bado ana saa 10 na bado ana ukumbi wa zamani. Shangazi yako mkubwa ndiye wa kwanza wao. Namwona kabisa, amevaa vizuri, amesimama kwenye lango ambalo ndani yake hakuna harusi.

Kama tungekuwa tumesogeza saa mbele, nisingekusumbua. Aliyekuja mapema angekaa akasubiri, angenung'unika, basi. Sisi tumeirudisha nyuma, kutoka saa 10 alasiri hadi saa 8 mchana. Anayefuata kadi ya zamani atafika ukumbi wa zamani saa 10, aambiwe si hapa, atafute usafiri, afike kwetu karibu saa 11 na ndoa imeshafungwa. Kosa la namna hiyo halirekebishiki siku ile hata kwa simu kumi. Na kadi zilichapwa mapema mno, nani aliyeharakisha mchapaji tusiulizane.

Kwa hiyo tangaza upya leo, na neno la kwanza liwe MABADILIKO. Usiweke ujumbe mpya chini ya ule wa jana kama nyongeza, maana walioanza kuusambaza ule wa jana hutaweza kuwafuata wote. Anza na tarehe, useme kwamba haikubadilika, kwa sababu mtu akisikia mabadiliko jambo la kwanza analotilia shaka ni siku. Kisha taja saa ya zamani na useme wazi kwamba imefutwa. Wengi huogopa kutaja ya zamani wakidhani watawachanganya watu. Ni kinyume chake: mtu ana kadi mkononi yenye saa 10 na ujumbe wenye saa 8, na asipoambiwa ipi imekufa atachagua anayoipenda. Mimi ningeandika hivi:

"MABADILIKO YA HARUSI: SAA NA UKUMBI. Siku ni ileile, Jumamosi tarehe 22. Ndoa itafungwa saa 8:00 mchana (14:00), milango itafunguliwa saa 7:30. Saa 10 iliyoandikwa kwenye kadi imefutwa, na ukumbi ulioandikwa kwenye kadi hautatumika kabisa. Ukumbi mpya na njia ya kufika viko hapa chini. Tafadhali jibu kwa kutaja jina, idadi yenu na saa mtakayofika, kabla ya Jumatano tarehe 12, saa 2 usiku. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Radhi imekaa mwisho, mahali pake. Hiyo 14:00 kwenye mabano usiitoe. Binamu zako walio mbali husoma saa kama simu inavyoionyesha, na mmoja wao akiona 8:00 peke yake anaweza kufika asubuhi. Usiongeze pia ujanja wa mjomba wako wa kuandika saa 7 ili watu wafike saa 8. Wanaojali muda watakaa ukumbini saa nzima wakitazama mafundi wakipanga viti, na tutakuwa na saa tatu zinazozunguka badala ya mbili.

Wapo pia wasio na simu kubwa. Hao watumie ujumbe wa kawaida, na uwe mfupi, kwa sababu ujumbe mmoja wa namna hiyo hubeba herufi 160 tu, nafasi zikihesabiwa. Ukizidi hukatwa vipande, na kwenye simu nyingine vipande hufika kimoja mbele ya kingine. Ukitia kipicha kimoja tu cha moyo au pete, nafasi hushuka hadi herufi 70. Kwa hiyo maua yako yaache. Nimejaribu huu, umeingia wote: "MABADILIKO YA HARUSI. Jumamosi 22 ileile. Saa 8 mchana (14:00), SI saa 10. Ukumbi mpya, si ule wa kwenye kadi. Maelekezo yanafuata. Jibu kufikia Jumatano 12."

Sasa njia. Umetuma alama ya ramani na kuandika "ni rahisi kufika, ukipotea uliza". Nilimwomba kaka yako aifuate ile alama. Ilimpeleka nyuma ya uzio, upande usio na mlango, kwa kuwa ramani imeweka alama katikati ya kiwanja na barabara iliyo karibu zaidi na katikati ni ile ya nyuma. Nenda mwenyewe ukasimame kwenye lango la mbele, uchukue alama ukiwa pale pale, halafu utume hiyo.

Juu ya alama andika maneno, maana mtandao hukatika na betri huisha. Anza mahali ambapo kila mtu anapajua, na useme mtu anatokea wapi, kwa sababu kushoto kwa anayetoka mjini ni kulia kwa anayerudi. Mfano: "Ukitoka mjini, shuka kituo cha mwisho kabla ya daraja. Rudi nyuma hatua chache hadi kituo cha mafuta, ingia barabara ya lami iliyo kando yake, tembea kama dakika tano. Lango ni la pili kulia, la chuma, rangi ya kijani. Ukivuka daraja, umepita." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo watu husahau kuandika, nayo huokoa wengi kuliko zote, kwa sababu aliyepotea hajui kama amepotea mpaka apewe kitu cha kumwambia. Usitumie bango wala ukuta uliopakwa rangi za tangazo kuwa alama, vitu hivyo hubadilishwa kabla ya mwezi kuisha. Ukimaliza, mpe mtu asiyepajua asome, aende bila kukupigia. Akikupigia, sentensi aliyokwama ndiyo ya kuandika upya.

Kuhusu majibu, tiki mbili za buluu si jibu. Kidole gumba si jibu. "Tuko pamoja" nayo si jibu. Ndiyo maana nimeandika kwamba mtu ataje saa. Akijibu "Tutakuja watatu, saa 8", umejua ameelewa. Akijibu "Tutakuja watatu, saa 10 Mungu akipenda", umempata leo badala ya kumpata langoni. Majibu yote yaende kwenye simu moja, ya dada yako, ambaye ana daftari na hana haya ya kuuliza mara ya pili. Yakigawanyika kwako, kwa mama yako na kwa mwenzio, kila mmoja atadhani mwingine ameandika.

Utauliza kwa nini tarehe 12. Wenye ukumbi wanataka idadi kamili Jumamosi tarehe 15, mchana. Ukiwapa wageni tarehe hiyohiyo ya 15, utakuwa huna hata siku moja ya kuwatafuta walionyamaza, na walionyamaza huwa wengi. Kwa kuweka Jumatano usiku, Alhamisi na Ijumaa zote zinabaki za kupiga simu. Gawa orodha: upande wetu napiga mimi, upande wa pili apige mtu wao. Asiyepatikana hadi Ijumaa jioni usimfute, mhesabu kama anakuja, maana kiti kilichobaki tupu hakina aibu kama mgeni aliyekosa kiti.

Shangazi yako hayumo kwenye kundi. Najua utasema yumo. Ile nambari uliyoiingiza anaitumia mjukuu wake siku hizi, na mjukuu mwenyewe hasomi hata ujumbe wa mama yake. Huyu apigiwe, tena asikie kwa sauti, na arudie saa mwenyewe kabla ya kukata simu. Hivyo hivyo kwa mpiga picha, dereva wa gari lenu na fundi wa muziki. Hao hawapo kwenye orodha ya wageni kwa hiyo hakuna anayewakumbuka, lakini bila wao saa 8 haitatimia.

Na hata tukifanya yote haya, siku yenyewe aende kijana mmoja kwenye lango la zamani, akae tangu saa 7 mpaka saa 11, awe na bango lenye saa na njia, na awe na namna ya kuwaleta watakaokosea. Nimeshaongea na mtoto wa jirani, amekubali, ila anataka kujua kama atapata kuona ndoa. Mtafutie wa kumpokea zamu ili aione. Mwombe na mlinzi wa pale ruhusa ya kubandika karatasi, asije akaichana.

Mama yako anauliza kama wageni wa kulala wamepungua, sasa shughuli ikiisha mapema wengine wanaweza kurudi kwao siku hiyohiyo. Magodoro mawili kati ya yale ya chumba cha nyuma yameliwa na panya pembeni, yanafaa kwa vijana tu. Ufunguo wa kabati lako hauonekani. Ukiwa nao huko, mpe dada yako aje nao, shuka zote ziko humo. Fundi wa bomba alikuja, akaondoka, bomba bado linavuja.

Nitumie tangazo jipya kabla hujalituma kwa watu. Nitalisoma bila miwani kwanza, na nikielewa hivyo, litume.

Baba yako